Wanafunzi 7,185 si mashahidi 7,185: uchambuzi wa kisa cha shule 160

Data za kisa hiki ni za kweli, na mwenye R kwenye kompyuta yake tayari anazo, kwa sababu zimo ndani ya kifurushi cha `nlme`. Zinatoka katika utafiti wa Marekani uitwao High School and Beyond, ulioanza mwaka 1980. Kipande tunachokitumia ni cha mwaka 1982. Kina wanafunzi 7,185 wa sekondari kutoka shule 160, kati yake 90 za umma na 70 za Kikatoliki. Shule iliyochangia wanafunzi wachache zaidi ina 14, iliyochangia wengi zaidi ina 67, na kwa wastani ni 45 hivi kwa kila shule.

Kila mwanafunzi ana alama ya mtihani wa hisabati. Wastani wa alama hizo ni 12.75 na mkengeuko sanifu ni 6.9. Ana pia kipimo cha hali ya familia, kilichounganisha elimu ya wazazi, kazi zao na kipato chao. Kipimo hicho kimewekwa hivi kwamba sifuri ni hali ya wastani, na mkengeuko wake sanifu ni kama 0.78.

Maswali tuliyonayo ni mawili tu. La kwanza, wanafunzi wa shule za Kikatoliki wanawapita wa shule za umma kwa kiasi gani? La pili, hali ya familia ina uhusiano gani na alama? Mtu aliyesoma takwimu ya mwaka wa kwanza atayamaliza kwa regresheni mbili, na kompyuta haitamnung'unikia hata kidogo:

```r
library(nlme)
library(lme4)
d <- as.data.frame(MathAchieve)
id <- as.character(d$School)
d$Sector <- MathAchSchool$Sector[
  match(id, as.character(MathAchSchool$School))]

summary(lm(MathAch ~ Sector, data = d))
summary(lm(MathAch ~ SES, data = d))
```

Jibu la kwanza: shule za Kikatoliki ziko juu kwa alama 2.81, na kosa sanifu ni 0.16. Jibu la pili: kila hali ya familia inapopanda kwa 1, alama hupanda kwa 3.18, na kosa sanifu ni 0.10. Namba zote mbili zimesimama imara, thamani za p ni ndogo mno, na ripoti ingeweza kuandikwa jioni ileile.

Majibu yote mawili yana kasoro, na kasoro zenyewe hazifanani. Katika la kwanza namba ni sawa, ila uhakika wake umetiwa chumvi. Katika la pili uhakika hauna shida kubwa, ila namba yenyewe haijibu swali lolote ambalo mtu angeuliza kwa makusudi. Nazitenganisha tangu mwanzo kwa sababu watu wengi huamini kwamba ukishahamia kwenye modeli ya ngazi nyingi, ile inayotambua kwamba wanafunzi wamo ndani ya shule, umetibu yote kwa mpigo. Moja inatibika yenyewe. Nyingine inabaki palepale mpaka uifuate.

Tuanze na modeli tupu, isiyo na kigezo chochote cha kuelezea. Inasema tu kwamba alama ya mwanafunzi ni wastani wa jumla, ukijumlisha umbali wa shule yake kutoka kwenye wastani huo, ukijumlisha umbali wa mwanafunzi kutoka kwenye wastani wa shule yake:

```r
summary(lmer(MathAch ~ 1 + (1 | School), data = d))
```

Hapo `(1 | School)` ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba kila shule ina kimo chake. Modeli haikadirii vimo 160 kimoja kimoja kama vigezo vya kawaida. Inavichukulia kuwa vimetoka katika mgawanyo mmoja, kisha inakadiria mtawanyiko wa mgawanyo huo. Matokeo yanatoa varianzi mbili: 8.61 kati ya shule na shule, na 39.15 kati ya mwanafunzi na mwanafunzi ndani ya shule moja. Gawa 8.61 kwa jumla ya zote mbili, unapata 0.18.

Sehemu hiyo ya 0.18 inasomeka kwa namna mbili. Kwanza, asilimia 18 ya tofauti zote za alama ni tofauti za shule kwa shule. Pili, ukichukua wanafunzi wawili wa shule moja bila kuchagua, alama zao zina uwiano wa 0.18. Hawa wawili wana walimu walewale, wamechaguliwa kwa utaratibu uleule, na huenda wanatoka mitaa inayokaribiana. Ukishamjua mmoja, wa pili hakuletei habari mpya kabisa. Regresheni ya kawaida haijui hilo. Inamhesabu kila mmoja kana kwamba ameokotwa peke yake kutoka nchi nzima.

Uwiano wa 0.18 unaonekana mdogo, na hapa ndipo wengi huteleza. Madhara yake hayategemei uwiano peke yake. Yanategemea pia ni wanafunzi wangapi wamekaa pamoja. Kwa kigezo kilicho sawa kwa shule nzima, kama aina ya shule, varianzi ya kadirio hupanda takriban mara 1 + (n − 1) × 0.18, ambapo n ni idadi ya wanafunzi kwa shule. Kwa wanafunzi 45 jibu ni karibu 8.9. Maana yake kosa sanifu linapaswa kuwa kubwa karibu mara tatu, na wanafunzi 7,185 wana uzito wa wanafunzi kama 800 waliochaguliwa huru.

Badala ya kuiamini fomula kavukavu, jaribio hili hapa huwanyamazisha hata wabishi. Chukua shule zote 160 na uirushie kila moja sarafu. Iliyopata kichwa ipe 1, iliyopata mwenge ipe 0. Kigezo hicho hakina uhusiano wowote na hisabati, na hakiwezi kuwa nao. Sasa iulize regresheni ya kawaida kama "shule za kichwa" zinatofautiana na "shule za mwenge", kisha rudia mara elfu:

```r
jaribio <- function() {
  shule  <- unique(id)
  sarafu <- setNames(rbinom(length(shule), 1, 0.5), shule)
  x <- sarafu[id]
  summary(lm(MathAch ~ x, data = d))$coefficients["x", 4]
}
mean(replicate(1000, jaribio()) < 0.05)
```

Kama kosa sanifu lingekuwa la haki, thamani ya p ingeanguka chini ya 0.05 mara 50 katika kila mara 1,000. Lakini kosa sanifu likiwa theluthi ya linavyotakiwa kuwa, kizingiti cha 1.96 kwa kweli kinashuka hadi kama 0.66, na kizingiti hicho huvukwa kwa bahati karibu nusu ya nyakati. Kwa hiyo tarajia jibu la 0.5 au karibu yake, badala ya 0.05. Kwa maneno mengine, sera yoyote ya hovyo itakayogawiwa kwa shule nzima itaonekana "ina athari" mara moja kati ya mara mbili, hata kama haina athari yoyote. Na kuongeza wanafunzi ndani ya shule zilezile hakusaidii. Kunazidisha tatizo, kwa sababu kosa sanifu la regresheni ya kawaida litaendelea kushuka huku habari halisi ikiwa imekwama kwenye shule 160.

Rudi sasa kwenye swali la Kikatoliki na umma, mara hii kwa ngazi mbili:

```r
summary(lmer(MathAch ~ Sector + (1 | School), data = d))
```

Tofauti inatoka 2.80, karibu ileile. Kosa sanifu limepanda kutoka 0.16 hadi 0.44. Katika data hizi hitimisho halipinduki, kwa sababu 2.80 ni kubwa kiasi cha kuhimili. Kinachobadilika ni upana wa tunachoweza kudai: regresheni ya kawaida ingesema tofauti ya kweli iko kati ya 2.5 na 3.1, modeli ya ngazi mbili inasema kati ya 1.9 na 3.7. Lakini tuseme tofauti ingekuwa 0.6 tu. Kwa kosa sanifu la 0.16 hiyo ingetangazwa ushindi, na kwa 0.44 isingetofautishwa na bahati. Athari za sera nyingi za shule ziko katika ukubwa wa namna hiyo, si wa 2.80.

Historia ya fani hii ina mfano wa jambo hili. Mwaka 1976 Neville Bennett, huko Uingereza, alichapisha utafiti uliohitimisha kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa mtindo rasmi, wa mwalimu kushika hatamu, walipiga hatua zaidi kuliko waliofundishwa kwa mtindo huria. Mjadala ukawa mkubwa. Wanafunzi walikuwa mamia, lakini mtindo wa kufundisha ni wa mwalimu, na walimu walikuwa 37 tu. Mwaka 1981 Murray Aitkin na wenzake waliuchambua upya huku wakizingatia kwamba wanafunzi wa mwalimu mmoja hawako huru, na tofauti za mitindo zikapoteza uzito wa kitakwimu. Jambo la kiungwana ni kwamba Bennett mwenyewe alishiriki katika kuchapisha uchambuzi huo wa pili.

Hiyo ndiyo kasoro inayotibika yenyewe. Sasa ile ngumu.

Regresheni ya kawaida ilisema mteremko wa hali ya familia ni 3.18. Iendeshe upya kwa ngazi mbili:

```r
summary(lmer(MathAch ~ SES + (1 | School), data = d))
```

Mteremko unashuka hadi 2.39. Kosa sanifu ni 0.11, karibu sawa na lile la awali. Kwa hiyo tatizo hapa halikuwa kosa sanifu. Hali ya familia hutofautiana sana ndani ya shule moja, na kigezo cha namna hiyo hakiadhibiwi kama kile kilicho sawa kwa shule nzima. Lakini kadirio lenyewe limehama kwa robo nzima. Data hazijabadilika, kigezo ni kilekile. Modeli mbili zinazopima jambo moja zinapotofautiana kiasi hicho, kuna kitu zimekichanganya kwa vipimo tofauti.

Kinachochanganywa ni mahusiano mawili. Lipo la ndani ya shule: katika shule moja, mwanafunzi wa familia yenye hali nzuri zaidi anampita mwenzake kwa kiasi gani? Na lipo la shule kwa shule: shule ambayo familia zake kwa wastani zina hali nzuri zaidi inaipita nyingine kwa kiasi gani? Hakuna sheria ya hesabu inayosema yatoshane. Yanaweza hata kwenda pande zilizopingana. Kuyatenganisha ni kazi ya mistari miwili: tafuta wastani wa kila shule, kisha toa wastani huo kwenye kipimo cha kila mwanafunzi wa shule hiyo.

```r
d$wastani <- ave(d$SES, id)
d$ndani   <- d$SES - d$wastani
summary(lmer(MathAch ~ ndani + wastani + (1 | School), data = d))
```

Ndani ya shule mteremko ni 2.19. Kati ya shule na shule ni 5.87. Sasa ile 3.18 inafunguka. Karibu asilimia 27 ya mtawanyiko wa hali ya familia uko kati ya shule na shule, na unaobaki uko ndani ya shule. Chukua asilimia 27 ya 5.87 na asilimia 73 ya 2.19, jumlisha, unapata 3.18. Regresheni ya kawaida ilifanya mchanganyo huo kimya kimya, kwa uzito uliotegemea namna wanafunzi walivyogawanyika shuleni. Ungechukua nchi nyingine ambamo matajiri na maskini husoma pamoja zaidi, mahusiano yote mawili yangeweza kubaki yaleyale na bado namba ya jumla ikabadilika.

Na ile 2.39? Nayo ni mchanganyo, ila modeli ya ngazi mbili huyapa mahusiano ya ndani uzito mkubwa zaidi, hapa kama asilimia 95. Ndiyo maana imeikaribia 2.19 lakini haijaifikia. Ukiandika `(1 | School)` na kuacha kigezo kizimakizima, umeingiza kimyakimya dhana kwamba kimo cha shule hakihusiani na hali ya familia za wanafunzi wake. Katika elimu dhana hiyo ni nadra kuwa kweli. Binafsi, nikisoma ripoti yenye "modeli ya ngazi nyingi" kwenye kichwa cha habari na mteremko mmoja tu wa hali ya familia kwenye jedwali, naisoma kwa jicho la pili.

Tofauti hiyo ni ya kukamatika. Chukua wanafunzi wawili ambao hali za familia zao ni sawasawa, yaani sifuri. Wa kwanza yuko katika shule yenye wastani wa −0.5, kwa hiyo kwao yeye ni wa juu kwa 0.5. Wa pili yuko katika shule yenye wastani wa +0.5, kwa hiyo kwao yeye ni wa chini kwa 0.5. Regresheni ya kawaida inawatabiria alama ileile, 12.75, kwa sababu inaona sifuri na sifuri. Modeli iliyotenganisha, yenye kianzio cha 12.68, inamtabiria wa kwanza 12.68 + 1.10 − 2.94, yaani 10.84. Wa pili inamtabiria 12.68 − 1.10 + 2.94, yaani 14.52. Kati yao kuna alama 3.68, zaidi ya nusu ya mkengeuko sanifu wa mtihani mzima, na familia zao hazipishani hata kidogo.

Hiyo 3.68, ambayo ni 5.87 kutoa 2.19, huitwa athari ya mazingira. Jina hilo ni kubwa kuliko ushahidi wake. Huenda kweli kukaa na wenzako wenye hali nzuri kunakuinua. Huenda pia shule hizo zinavuta walimu bora, au zinapokea wanafunzi waliokuwa tayari wanajua hisabati kabla ya kuingia. Faili hili halina alama za awali za wanafunzi, kwa hiyo haliwezi kuyatenganisha hayo. Na ipo sababu nyingine isiyo na mvuto lakini inayotokea mara nyingi: kipimo cha hali ya familia kina makosa kwa mwanafunzi mmoja mmoja, na makosa hayo hupunguza mteremko wa ndani, huku wastani wa shule ukiwa umeyachuja kwa sehemu kubwa. Hapo athari ya mazingira inaweza kuota hata pasipokuwa na mazingira yoyote yanayofanya kazi.

Mpaka hapa tumeziruhusu shule zitofautiane kimo, lakini tumezilazimisha zote ziwe na mteremko mmoja wa ndani. Tukiuachia nao utofautiane, kwa kuandika `(ndani | School)`, wastani wa miteremko unabaki 2.19, na varianzi yake kati ya shule inakadiriwa kuwa 0.68. Mzizi wake ni 0.82, kwa hiyo shule nyingi zina mteremko kati ya 0.6 na 3.8. Kuna shule ambamo hali ya familia karibu haihusiani na alama, na kuna nyingine ambamo inahusiana sana. Hili si la kiufundi tu. Shule mbili zenye wastani mmoja wa alama zinaweza kuwa tofauti kabisa kwa mtoto wa familia duni.

Swali la aina ya shule sasa linakuwa tamu zaidi. Tunaweza kuuliza kama shule za Kikatoliki zinatofautiana na za umma kwa kimo, na pia kama zinatofautiana kwa mteremko, swali linaloulizwa kwa mwingiliano wa vigezo:

```r
m <- lmer(MathAch ~ ndani * (Sector + wastani) +
            (ndani | School), data = d)
summary(m)
```

Wastani wa hali ya familia za shule ukiwa umezingatiwa, faida ya kimo ya shule za Kikatoliki inashuka kutoka 2.80 hadi takriban 1.23, na kosa sanifu ni 0.31. Zaidi ya nusu ya tofauti ya mwanzo ilikuwa ni aina ya familia zinazopeleka watoto huko. Kwenye mteremko ndipo penye habari. Katika shule ya umma yenye wastani wa sifuri, hali ya familia ikipanda kwa 1 alama hupanda kwa 2.94. Katika shule ya Kikatoliki ya namna hiyohiyo hupanda kwa 1.30 tu. Varianzi ya miteremko iliyobaki bila maelezo inashuka kutoka 0.68 hadi karibu 0.10, kiasi ambacho hakitofautiki na sifuri.

Regresheni ya kawaida ingeweza kupewa mwingiliano huohuo na ingetoa makadirio yasiyo mbali sana. Isichoweza kuonyesha ni ile 0.68 ya mwanzo na 0.10 ya mwisho, yaani kwamba shule zinatofautiana katika jambo hili, na kwamba aina ya shule pamoja na wastani wake vimeeleza sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Kwa modeli hii kuna jambo moja la kushika. Ukitaka kupima kama mteremko wa ndani unategemea sifa ya shule, uache mteremko uwe na athari yake ya nasibu, yaani uruhusiwe kutofautiana shule kwa shule. Ukiusahau, mwingiliano unapimwa kana kwamba una wanafunzi 7,185, wakati miteremko iliyopo ni 160. Ni mtego uleule wa sarafu, umeingia kwa mlango wa nyuma. Katika data hizi hautaumiza sana kwa sababu 0.10 ni ndogo, lakini hilo unalijua baada ya kupima, si kabla.

Wakuu wa shule wakipata matokeo haya, cha kwanza watakachotaka ni orodha ya nani wa kwanza na nani wa mwisho. Modeli inaweza kutoa makadirio ya kila shule, ila haiyatoi kama wastani mbichi. Huvuta kila shule kuelekea wastani wa jumla, na shule yenye wanafunzi wachache huvutwa zaidi. Tuseme shule mbili zina wastani mbichi wa 6, moja kwa wanafunzi 14 na nyingine kwa wanafunzi 67. Kwa varianzi za modeli tupu, ya kwanza itakadiriwa 7.6 na ya pili 6.4. Mkuu wa ile ndogo atafurahi, na mwenzake atalalamika kwamba wameonewa, lakini hesabu iko sahihi: wastani wa watu 14 unaweza kuanguka kwa bahati mbaya kwa urahisi zaidi kuliko wa watu 67, na shule ndogo ndizo zinazojaa kwenye ncha zote mbili za orodha mbichi.

Kuna watakaouliza kwa nini tusitumie regresheni ya kawaida na kurekebisha makosa sanifu kwa kuzingatia vikundi vya shule. Kwa swali la kwanza la kisa hiki, njia hiyo inafaa, na ni nyepesi zaidi. Ila inarekebisha kosa sanifu tu. Ile 3.18 itabaki 3.18, yenye kosa sanifu jipya na maana ileile iliyochanganyika, mpaka uongeze wastani wa shule kama kigezo. Ukiuongeza, utapata mteremko wa ndani uleule wa 2.19. Kwa hiyo dawa ya kasoro ya pili ni kutenganisha, na inafanya kazi katika modeli zote mbili.

Shule 160 ni nyingi, na ndiyo maana kila kitu hapa kimekwenda vizuri. Ukiwa na shule 10 au 12, varianzi kati ya shule inakadiriwa kwa kubahatisha, na mara nyingi `lmer` itakuandikia `boundary (singular) fit: see help('isSingular')`. Ujumbe huo unasema varianzi moja imekwama kwenye sifuri, au uwiano wa kimo na mteremko umegonga 1 au −1. Hausemi kwamba shule hazitofautiani. Unasema data hazitoshi kupima tofauti hizo, na kwa kawaida mteremko wa nasibu ndio wa kwanza kuondolewa. Kwa shule chache pia usipime sifa ya shule kwa kizingiti cha 1.96, tumia marekebisho ya Kenward na Roger, yanayopatikana kwenye R kupitia kifurushi cha `pbkrtest`, ambayo huhesabu kwa kufuata idadi ya shule. Kwa shule 160 hayabadilishi kitu. Kwa shule 10 zilizogawanywa tano kwa tano, kizingiti kinapanda hadi kama 2.3.

Ngazi ya darasa haimo kabisa katika faili hili. Wanafunzi wa shule moja hawakukaa wote mbele ya mwalimu mmoja wa hisabati, na tofauti za walimu ndani ya shule zimegawanyika pande mbili: nyingi zimeingia ndani ya ile 39.15, na kiasi kimevuja kwenye 8.61. Anayetaka kusema lolote kuhusu walimu anahitaji data zinazomtambulisha mwalimu wa kila mwanafunzi, na hizi hazimtambulishi.

Ile 1.64 inayotenganisha miteremko ya shule za umma na za Kikatoliki nayo ina mipaka yake. Familia hazikupangiwa shule kwa kura. Familia duni iliyompeleka mtoto shule ya Kikatoliki inaweza kuwa tofauti na familia duni iliyobaki shule ya umma kwa namna ambazo kipimo cha elimu, kazi na kipato hakizioni, na hiyo peke yake ingeweza kuulaza mteremko. Modeli ya ngazi nyingi imepanga vizuri nani yuko wapi na uhakika wetu ni wa kiasi gani. Kuhusu kwa nini yuko pale, haina inachokijua zaidi ya regresheni ya kawaida.